Sura ya Sita: Hati Bubu

Julai 2024 shangazi yangu, mwalimu mstaafu anayeishi Voi, alinunua bili ya Hazina ya siku 364. Nilimsaidia kujaza ombi kwenye simu, kisha akaniuliza swali ambalo wengi hulipuuza: "Sasa riba yake nitakuwa naipokea kila mwezi, au baada ya miezi sita?"

Nikamjibu kwamba hatapokea chochote mpaka siku ya mwisho.

"Hata shilingi?"

"Hata shilingi, Shangazi. Unatoa kidogo leo, unalipwa kikubwa mwakani. Riba ni hiyo tofauti."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe ni bubu."

Tangu siku hiyo hati za namna hii naziita hati bubu, na jina hilo nitalitumia katika sura hii yote. Hatifungani ya kawaida husema na mwenyewe kila baada ya miezi sita, kwa ile riba tunayoiita kuponi. Hati bubu haina kuponi. Inanunuliwa kwa bei iliyopunguzwa, inakaa kimya, na siku inapoiva serikali inalipa kiasi chote kilichoandikwa. Bili za Hazina za Kenya na Tanzania ni za aina hii. Hukomea mwaka mmoja au chini yake, lakini dunia ina hati bubu za miaka 30, na huko mbele tutaitazama moja.

Ububu huo una faida yake. Mwenye hati ya kuponi hawezi kujua kwa hakika atakuwa na kiasi gani mwishoni, kwa sababu kila kuponi inayoingia lazima atafute pa kuiweka, na hajui siku hiyo soko litakuwa linalipa asilimia ngapi. Hati bubu haina kuponi ya kukuhangaisha. Ukishajua bei uliyonunulia, kiasi kitakacholipwa na siku ya malipo, hesabu imefungwa. Ukingoja mpaka iive, na serikali ikalipa, kiwango ulichonunulia ndicho utakachopata, wala hakuna linalotokea katikati litakalokibadilisha.

Ila ahadi hiyo amepewa yule anayengoja tu. Anayeuza njiani yuko katika biashara nyingine kabisa, ijapokuwa ameshika hati ileile.

Turudi kwa Shangazi. Hati yake ilikuwa ya shilingi 1,000,000 siku ya kuiva. Majira hayo viwango vya bili za siku 364 Kenya vilikuwa vikicheza kati ya asilimia 16 na 17. Hapa nitashika 16.5 ili hesabu ifuatike. Nitaiacha pia kodi ya zuio ya asilimia 15 ambayo serikali hukata kwenye riba hiyo. Kodi inapunguza kinachobaki mkononi, lakini haibadilishi mwendo wa bei, na mwendo wa bei ndio tunaoutafuta.

Kwa bili zisizozidi mwaka, bei hupatikana hivi:

```
bei = kiasi cha kuiva / (1 + kiwango x siku / 365)
```

Weka 1,000,000 juu, kiwango 0.165, siku 364. Jibu ni shilingi 858,702. Hicho ndicho alichotoa. Akingoja atalipwa milioni moja, kwa hiyo faida ni shilingi 141,298.

Hapa pana mtego mdogo ambao umewachanganya hata watu wa benki mbele ya macho yangu. Ukigawa 141,298 kwa milioni moja unapata asilimia 14.1. Hiyo ni punguzo tu, sehemu ya kiasi cha mwisho. Shangazi hakutoa milioni moja. Alitoa 858,702, na faida yake lazima ipimwe kwa fedha aliyoitoa. Ukigawa kwa hiyo unapata asilimia 16.45 kwa siku 364, yaani 16.5 kwa mwaka kamili. Mtu akikutajia kiwango cha bili, muulize kwanza kama anasema punguzo au mapato. Tofauti si ndogo, nayo hukua kadiri viwango vinavyopanda.

Miezi sita ikapita. Katika miezi hiyo Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imeanza kushusha kiwango chake, na bili za Hazina zikashuka kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Kufika Januari 2025, bili ya siku 182 ilikuwa ikilipa karibu asilimia 10. Na Januari, kama kila mzazi wa Kenya ajuavyo, ni mwezi wa karo. Shangazi analea wajukuu wawili walioko sekondari. Akanipigia.

"Mwanangu, ile hati yangu bubu naweza kuiuza?"

"Unaweza. Imebakiza siku 182."

"Nitapata hela yangu niliyotoa?"

Nikamwambia atapata zaidi ya hiyo, na zaidi ya nusu ya faida. Hakuamini. Kwa akili ya kawaida, mtu aliyevunja ahadi ya kungoja anapaswa kuadhibiwa, kama anavyoadhibiwa anayevunja akaunti ya muda maalumu benki. Lakini bili haivunjwi. Inauzwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo hajali Shangazi alinunua kwa ngapi. Anachoona ni hati itakayomlipa milioni moja baada ya siku 182, katika soko ambalo siku 182 zinalipa asilimia 10. Atatoa bei inayompa asilimia 10, basi.

Fomula ni ileile, ila sasa kiwango ni 0.10 na siku ni 182. Bei inatoka 952,505.

Shangazi alitoa 858,702, kwa hiyo kwa nusu mwaka amepata 93,803, sawa na asilimia 10.9 ya fedha yake. Ukiikuza hesabu hiyo kwa mwaka unafika karibu asilimia 22. Alinunua hati ya asilimia 16.5, na katika muda alioishika imemlipa kwa mwendo wa 22.

Ziada hiyo imetoka wapi? Kama viwango vingebaki palepale 16.5, hati yenye siku 182 ingeuzwa 923,981. Tofauti ya bei hizo mbili, shilingi 28,524, ndiyo aliyoletewa na kushuka kwa viwango. Iliyobaki ni riba ya kawaida ya kungoja, ambayo angeipata hata soko lisingetikisika.

Nilipomaliza kumsomea namba hizi alisema neno ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote cha fedha likisemwa vizuri hivyo: "Kwa hiyo faida yangu ya mbele nimepewa sasa."

Ndivyo hasa. Jumla ya faida ya hati ni 141,298, nayo haikuongezeka hata senti. Akiuza leo anachukua 93,803 na anamwachia mnunuzi 47,495. Theluthi mbili ya faida imeangukia nusu ya kwanza ya safari, na theluthi moja imebaki kwa nusu ya pili. Viwango viliposhuka keki haikukua, mkato tu ndio uliosogea.

Mambo yangeweza pia kwenda kinyume. Tuseme viwango vingepanda mpaka 20. Mnunuzi angetoa 909,317 tu, na Shangazi angepata 50,615 kwa nusu mwaka, mwendo wa chini ya asilimia 12 kwa mwaka. Hapo asingepoteza mtaji, kwa kuwa bili ni fupi na riba ya miezi sita inatosha kufunika pigo. Lakini aliyemuuzia hati ya "asilimia 16.5" asingekuwa amemdanganya. Ile 16.5 ilikuwa ya mwisho wa safari, naye angekuwa ameshuka katikati ya njia.

Kwenye bili pigo ni dogo. Ili kuona jambo hili likiwa na meno inabidi turefushe muda, nami nitatumia hati ya mfano: hati bubu ya miaka 5, ya shilingi 10,000,000, iliyonunuliwa kwa asilimia 10 kwa mwaka. Ikishapita mwaka mmoja, hesabu ni ya riba juu ya riba:

```
bei = kiasi cha kuiva / (1 + kiwango)^miaka iliyobaki
```

Moja nukta moja ikizidishwa yenyewe mara tano ni 1.61051. Milioni 10 ukigawa kwa hiyo unapata 6,209,213. Hiyo ndiyo bei ya siku ya kwanza.

Kama kiwango hakitaguswa, bei itapanda ngazi yake pole pole, asilimia 10 kila mwaka, na mwisho wa mwaka wa pili itakuwa 7,513,148. Hiyo ni njia ya katikati. Nawashauri wenye hati kama hizi waichore kwenye daftari siku wanayonunua, mwaka kwa mwaka, kwa sababu bila njia hiyo huwezi kujua bei unayotajiwa ni nzuri au mbaya. Mtu akiona hati aliyoinunua kwa milioni 6.2 sasa inauzwa 6.7 hufurahi. Lakini kama huu ni mwisho wa mwaka wa pili, ilipaswa kuwa 7.5. Amepoteza huku anacheka.

Na ndicho kinachotokea viwango vikipanda. Tuseme mwisho wa mwaka wa pili soko linadai asilimia 14 kwa hati ya miaka mitatu. Bei inakuwa 6,749,715. Aliyeuza amepata 540,502 kwa miaka miwili, ambayo ni asilimia 4.3 kwa mwaka badala ya 10. Geuza sasa: viwango vimeshuka mpaka 7. Bei ni 8,162,979, faida ni 1,953,766, sawa na asilimia 14.7 kwa mwaka.

Kwa hiyo hati ni moja na miaka ni ileile miwili, lakini muuzaji mmoja ameondoka na 4.3, mwingine na 14.7, na aliyengoja anaendelea na 10 yake. Wasomaji wengi hufika hapa wakahitimisha kwamba aliyengoja viwango vilipopanda ameepuka hasara. Mimi sikubaliani, na hapa naomba tukae kidogo.

Mwenye hati analalamika: "Soko linalipa 14, mimi nimekwama na 10. Bora niuze, nichukue hasara, ninunue hati mpya ya 14." Inasikika kama busara. Sasa piga hesabu. Akiuza anapata 6,749,715. Akizinunulia hati bubu mpya ya miaka mitatu kwa asilimia 14, baada ya miaka mitatu atakuwa na kiasi gani? Zidisha kwa 1.14 mara tatu. Jibu ni 10,000,000 kamili.

Ni zile zile milioni 10 ambazo angelipwa kama angekaa kitako, mwaka uleule. Kuhama hakukumpa kitu, na dalali wake amekula kamisheni ya kuuza na ya kununua.

Wala si bahati ya namba nilizochagua. Bei ya kuuza imetengenezwa kwa kiwango hichohicho cha 14, kwa hiyo hasara ya bei na utamu wa kiwango kipya vinafutana kabisa. Jaribu na upande wa pili: aliyeuza kwa 8,162,979 akaziweka kwa asilimia 7 kwa miaka mitatu, anafika pia milioni 10. Miaka miwili ya kwanza alilipwa 14.7, mitatu ya mwisho 7, jumla yake ni 1.61051, namba tuliyoanza nayo. Ukishashika hati bubu, jumla ya safari imeandikwa. Soko linaamua tu ni mwaka gani utalipwa sana na mwaka gani utalipwa kidogo.

Maana yake ni kwamba aliyengoja wakati viwango viko 14 hakuikwepa hasara. Ameilipa kwa njia nyingine, kwa kukaa miaka mitatu akipata 10 juu ya bei yake ya zamani huku jirani aliyenunua jana anapata 14. Aliyeuza ameilipa yote siku moja. Daftari la aliyengoja halioneshi alama nyekundu, na kwa sababu hiyo watu humwona mjanja. Lakini hasara ilitokea siku viwango vilipopanda, na iliwagusa wote wawili.

Basi uamuzi wa kuuza au kungoja usitazame nyuma. Bei uliyonunulia imekwisha kazi yake; inakufaa kwa kodi na kwa hadithi za jioni tu. Swali la leo ni hili: fedha nitakayopata nikiuza, nikiiacha ndani ya hati, italipwa kiwango cha soko cha sasa mpaka iive. Je, nina mahali pengine pa kuiweka panapozidi hapo, au nina shida inayonigharimu zaidi ya hapo?

Shangazi alikuwa na shida kama hiyo. Karo ilikuwa karibu shilingi 380,000, ukijumlisha na deni la muhula uliopita. Chama chake cha wanawake kilikuwa tayari kumkopesha kwa asilimia 1.5 kwa mwezi. "Hati yangu inalipa 16.5," akasema, "na mkopo ni 18 kwa mwaka. Tofauti ni ndogo. Bora nikope, nisiiguse hati."

Alikuwa anatazama nyuma. Hati yake haikuwa inalipa 16.5 tena. Kuanzia Januari hiyo mpaka Julai ilikuwa imebakiza 47,495 juu ya thamani ya 952,505, mwendo wa asilimia 10 kwa mwaka. Kukopa kwa 18 ili ulinde fedha inayopata 10 ni kumlipa mtu akutunzie kuku asiyetaga. Tukakubaliana auze sehemu, kwa kuwa hati hizi zinagawika: auze ya shilingi 400,000, ile 600,000 ingoje.

Hapa ndipo hesabu safi inapokutana na barabara ya vumbi. Soko la pili la bili si genge la nyanya ambako ukifika unamkuta muuzaji na mnunuzi. Wanunuzi ni wachache, hasa benki, na kwa kiasi kidogo kama chake wengine hawahangaiki hata kujibu. Benki ya kwanza tuliyoipigia haikurudisha simu. Ya pili ilitaja kiwango cha 10.5.

Anayenunua hutaja kiwango cha juu kidogo kuliko cha soko, na hiyo ndiyo faida yake. Kiwango kikipanda, bei inashuka. Kwa 10.5, kila milioni ya hati inauzwa 950,249 badala ya 952,505, na kwa hati ya 400,000 inakuwa 380,100. Alipoteza kama shilingi 900 ukilinganisha na soko. Nikamwambia akubali upesi.

Mlango wa mwisho ni Benki Kuu yenyewe. Ipo kanuni, nayo huandikwa katika matangazo ya minada, kwamba mwenye hati aliyekosa mnunuzi anaweza kuirudisha kwake, lakini inanunuliwa kwa kiwango kilicho pointi 3 juu ya soko. Kwa Shangazi hiyo ingekuwa 13, na milioni ya hati ingeuzwa 939,124. Ni shilingi 13,381 chini ya bei ya soko kwa kila milioni, kwa siku 182 tu. Mlango huo upo kwa ajili ya aliyebanwa kweli, na ada yake imewekwa kali makusudi.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu ya kuuza, piga hesabu yako kwanza: siku zilizobaki, kiwango cha mnada wa wiki hii kwa muda unaokaribiana na huo, bei inayotoka. Ukitajiwa bei, igeuze iwe kiwango. Ukitajiwa kiwango, kigeuze kiwe bei. Anayenunua amezoea kusema "nusu pointi tu," maneno mepesi sana kwenye bili ya miezi sita. Kwenye hati bubu ya miaka 20, nusu pointi hiyohiyo inakula karibu sehemu moja kati ya kumi ya bei.

Kwa kukadiria haraka, zidisha miaka iliyobaki kwa pointi ambazo kiwango kimebadilika. Kwenye hati bubu jibu halikosei sana. Hati yetu ya miaka 5 kiwango kikipanda kutoka 10 hadi 11 siku ya pili tu, kanuni inasema bei itashuka asilimia 5. Hesabu kamili inasema 4.4. Hatifungani ya kuponi ya muda uleule na kiwango kilekile ingeshuka 3.7 tu, kwa sababu sehemu ya fedha yake inarudi mapema. Hati bubu imeweka kila kitu siku ya mwisho, ndiyo maana inarushwa zaidi na kila upepo. Kiwango kikishuka kutoka 10 hadi 9, inapanda 4.7, kidogo zaidi ya inavyoshuka upande wa pili. Mizani haiko sawa, na kwa bahati imeelemea upande wa mwenye hati.

Jambo la kuulizia siku ya kununua ni hili: viwango vipande mpaka wapi ndipo nikiuza nitoke mikono mitupu? Kwa hati yetu ya miaka 5 ya asilimia 10, ukilazimika kuuza baada ya mwaka mmoja, kiwango kikifika 12.65 faida yote ya mwaka imekwisha. Kupanda kwa pointi mbili na nusu si jambo la ajabu katika soko letu. Baada ya miaka miwili, kiwango lazima kifike 17.2 ndipo upate sifuri. Baada ya miaka minne, lazima kizidi 60. Hatari ya kuuza mapema imejaa mwanzoni mwa safari na inakauka yenyewe kadiri tarehe ya kuiva inavyokaribia, kwa sababu bei, hata ikiwa imezama kiasi gani, inavutwa na ile milioni 10 ya mwisho.

Mahali ambapo hatari hiyo ilionekana wazi ni Marekani. Tangu mwaka 1985 Hazina ya huko inaruhusu hatifungani zake zichanwe, kuponi zikatenganishwa na mtaji, na kila kipande kikauzwa peke yake kama hati bubu. Zinaitwa STRIPS, na nyingine huiva baada ya miaka 30. Mwaka 2020, wakati wa korona, hatifungani ya miaka 30 ya Marekani ilikuwa ikilipa chini ya asilimia 2. Tushike 1.5 kwa makadirio: hati bubu ya dola 100 ya miaka 30 ingenunuliwa kwa dola 64 hivi. Oktoba 2023 kiwango cha miaka 30 kilivuka 5 kwa mara ya kwanza tangu 2007. Hati yetu sasa imebakiza miaka 27, na kwa asilimia 5 inauzwa chini ya dola 27.

Serikali haijakosa kulipa, na hakuna aliyetilia shaka kwamba mwaka 2050 zile dola 100 zitafika. Lakini aliyehitaji fedha yake Oktoba 2023 alipoteza karibu asilimia 58, katika hati ya mkopaji ambaye wengi duniani humhesabu miongoni mwa walio salama zaidi. Na aliyengoja? Atapata 1.5 yake kwa mwaka, kama alivyoahidiwa, na bei za vitu zitakuwa zimepanda miaka yote hiyo. Ahadi ya hati bubu ni ya shilingi au dola. Haijawahi kuwa ahadi ya magunia ya mahindi.

Mnunuzi wa dola 27 naye atapata 5. Wote wawili watakutana siku moja ya kuiva, kila mmoja na dola 100 mkononi.

Shangazi alilipa karo. Ile hati ya 600,000 iliyobaki iliiva Julai 2025, fedha ikaingia akaunti, naye akanipigia ili anunue nyingine ya siku 364. Viwango vilikuwa vimeshuka mpaka karibu 9.7. Nikamsomea bei mpya: shilingi 91 na senti 18 kwa kila 100.

"Mwaka jana nilitoa ngapi?"

"Themanini na tano na senti themanini na saba."

"Kwa mia ileile?"

"Mia ileile, Shangazi."

Nikamsikia akifunua daftari. "Basi mnanichanganya bure na asilimia zenu," akasema. "Mia imepanda bei."

Akanunua ya laki tano, na iliyobaki akaezekea jiko.